Saini hapa, mrembo: vipengele 6 vya kumtoa jasho wakala

Mtoto wa kaka yangu aliingia kwangu Sinza jioni, kabla sijaitikia shikamoo yake akanitupia karatasi mapajani. Kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Wakala wa wanamitindo amemwona kwenye harusi, anataka kumpeleka Milano, na saini inatakiwa kesho saa nne asubuhi.

"Kasema ni mkataba wa kawaida tu, shangazi."

Wa kawaida kwa nani? Mimi nilikaa kwenye kazi hiyo miaka tisa, na mkataba wangu wa kwanza niliusaini juu ya boneti ya gari. Basi tukachemsha chai, tukahesabu kurudi nyuma.

6. Huyu anayesaini ni nani?

Ukurasa wa kwanza una jina refu lenye neno "International". Ukurasa wa mwisho umesainiwa na mtu mmoja, hana cheo, hana muhuri. Kampuni iliyosajiliwa Tanzania huwa na namba ya usajili, na BRELA unaweza kuulizia kama ipo kweli. Muulize namba hiyo, na muulize jina la wakala wa Milano atakayekupokea. Kama la Milano "bado linashughulikiwa", na safari yako bado inashughulikiwa.

5. "Pekee, dunia nzima"

Kipengele kinasema wao ndio wawakilishi wake pekee, duniani kote, kwa uanamitindo, uigizaji, uimbaji na matangazo ya mitandaoni. Binti haimbi. Hata bafuni haimbi. Ila kila mwezi anapigwa picha za magauni kwa mama mmoja mwenye duka Kariakoo, analipwa shilingi 80,000. Akisaini hivi, wakala ana asilimia 20 yake hapo, yaani 16,000, kwa kazi ambayo hata mlango wa duka haujui.

Tuliandika pembeni kwa penseli: upekee uwe wa uanamitindo tu, na wateja aliokuwa nao kabla waorodheshwe kwenye kiambatisho, wasikatwe. Mawakala wengi hukubali hili bila ugomvi, kwa sababu hawakuwa na habari na magauni ya Kariakoo.

4. Mkataba unaojifufua

Muda ni miaka miwili, halafu unajirudia wenyewe miaka miwili mingine, isipokuwa utoe taarifa ya maandishi siku 90 kabla. Ni kama mgeni anayesema "naondoka kesho" huku anaanika taulo.

Hesabu inataka kalenda. Ukianza Machi 1, 2025, unaisha Februari 28, 2027, na mwisho wa kutoa taarifa ni Novemba 30, 2026. Ukiamka Desemba na barua yako nzuri, umeshafungwa hadi 2029. Jimbo la New York lina sheria ya wafanyakazi wa mitindo, iliyoanza kutumika Juni 2025, na inakataza kampuni kuongeza muda bila mwanamitindo kuridhia. Sheria hiyo haifiki Sinza, lakini ombi lenyewe linafika: muda ukiisha, tuongee upya.

3. Mamlaka ya kukusainia

Sentensi moja ndefu, imejificha ukurasa wa saba. Inampa wakala mamlaka ya kusaini kwa niaba yako, kupokea fedha zako na kuziweka benki. Wanasema ni kwa urahisi, maana wewe utakuwa kwenye ndege. Sawa, ndege ina siku moja. Mruhusu asaini kazi uliyoikubali kwa ujumbe wa simu, kazi moja moja, na akupe nakala ya malipo ya mteja. Zaidi ya hapo unampa kadi ya benki na namba ya siri, halafu unamshukuru.

2. Sura yako, milele

Hapa mniruhusu nilie kidogo. Nilipigwa picha ya mafuta ya kupikia, nikalipwa mara moja shilingi 150,000, kwa karatasi iliyosema "matumizi yote, bila ukomo". Bango likasimama miaka minne. Nimeolewa lipo, nimezaa lipo, mwanangu kaanza kusema, kaliona kwenye daladala, kasema "mama anakaanga".

Kicheko kiliisha kampuni nyingine ya mafuta iliponiita. Walinipenda, wakaniuliza kama sura yangu inauza mafuta mahali pengine. Mteja hataki uso unaouza bidhaa ya mpinzani wake, kwa hiyo bango la 150,000 likanifungia kazi ambayo ingelipa mara kadhaa. Hasara ya "milele" iko hapo: picha ya zamani inakunyima kazi mpya.

Uliza vitu vitatu kwa kila picha: itaonekana wapi, kwenye nini, kwa muda gani. Mwaka mmoja, Tanzania, mabango na mitandao. Wakitaka kuongeza, walipe tena. Na siku hizi ongeza la nne: wasitengeneze nakala ya sura yako kwa kompyuta bila ridhaa ya maandishi ya pekee. Binti akasema, "Si wataniona nasumbua?" Nikamwambia bango halikusumbuka hata siku moja.

1. Makato

Tukatoa kalamu nyekundu. Tuchukulie bahati imekaa vizuri: wiki sita Milano, kazi za yuro 3,000. Wakala wa Milano anakata asilimia 20, yaani 600. Huyu wa nyumbani, wanayemwita wakala mama, ana asilimia 10 kwa kazi za nje. Je, inatoka ndani ya zile 600, au inakatwa tena kwa binti? Mkataba umenyamaza. Ikikatwa tena, ni 300 nyingine, zinabaki 2,100.

Sasa yale "tutakugharamia". Tiketi 850. Viza na bima 200. Kitanda kimoja katika chumba cha wasichana wanne, 250 kwa wiki, jumla 1,500. Chumba hicho kinaingiza 1,000 kwa wiki, Sinza ungekuwa umeshapandisha ghorofa. Picha za majaribio 400, kadi za picha 100, posho ya 100 kwa wiki, jumla 600. Yote pamoja 3,650. Toa kwenye 2,100: binti amefanya kazi, amependeza, amerudi na deni la yuro 1,550.

Si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la London liliripoti kuhusu vijana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, waliopelekwa Ulaya kwa uanamitindo na baadhi yao wakarudishwa wakiwa na madeni kwa mawakala.

Kinachookoa ni maneno manne ya kuongeza: gharama iidhinishwe na mwanamitindo kwa maandishi kabla, risiti zitolewe kila mwezi, deni lilipwe kutokana na mapato ya kazi tu, mkataba ukiisha, deni life nao. La mwisho ndilo linalomtoa jasho, maana deni ndiyo kamba inayomzuia binti kuhamia kwa wakala mwingine.

Saa nne asubuhi hakwenda kusaini. Alituma barua pepe yenye maswali yetu, akajibiwa baada ya dakika kumi: "Hakuna mwanamitindo wetu aliyewahi kuuliza haya."

Akanionyesha simu. "Shangazi, hili ni jibu la swali la ngapi?"