Sikio la Kushoto Lina Mambo Yake

Shemeji yangu alitoka Kariakoo na kiboksi cheupe, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anatoa mahari. Juu yake imeandikwa AirPods Pro. Bei hakuitaja, ila risiti aliisahau ndani ya mfuko: Sh 28,000. Zawadi ya shemeji haikaguliwi, hasa dada yake akiwa amekaa hapohapo anakutazama. Nikashukuru, nikavaa.

Nilipozitoa tu kwenye kasha, mwanamke mmoja akanipigia ukelele masikioni, kwa Kiingereza, kwamba eafoni zimewaka. Kisha akatangaza kwamba zimeungana na simu. Baadaye chaji ilipopungua alirudi kutoa taarifa hiyo nayo, katikati ya mawaidha ya Ijumaa niliyokuwa nasikiliza. Wenye AirPods za kweli hawamfahamu mama huyu. Zao hutoa mlio mfupi tu, hazina desturi ya kujitangaza kila zinapowaka.

Ndani ya daladala nikaamua kujaribu kile kipengele cha kuzima kelele za nje. Nikabonyeza. Konda aliendelea kuita "Posta! Posta!" kwa nguvu zilezile, isipokuwa sasa nyuma yake kulikuwa na mvumo hafifu wa shhhh. Kuzima kelele kwa kweli kunahitaji maikrofoni za kuisikia sauti ya nje na chipu yenye kasi ya kutengeneza sauti ya kuipinga kabla haijafika sikioni. Zangu zilikuwa na shhhh. Nilipokivua kipande kimoja ili nimlipe nauli, muziki haukusimama. Za kweli zina vihisio vinavyojua kama kipande kiko sikioni au kiganjani, na ukikivua zinanyamaza zenyewe.

Lakini hayo yote yanavumilika. Aliyenishinda ni wa kushoto.

Jioni moja nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari. Sikio la kulia lilikuwa na mtangazaji anayesoma bei za mazao. La kushoto likakata, likakaa kimya kidogo, halafu likaanza kupiga singeli. Nilitazama simu: singeli haikuwamo. Ilikuwa kwenye simu ya kijana wa jirani, ukuta wa pili, ambaye naye alikuwa anashangaa kwa nini spika yake imenyamaza na nyimbo zinakwenda asikokujua.

Hapa pana jambo la kueleweka. Eafoni zisizo na waya ni vifaa viwili kamili, kila kimoja na chipu yake, redio yake na betri yake. Kimoja huwa kiongozi na hushika simu, mwenzake humfuata, na kila kimoja kimehifadhi kumbukumbu ya kumtambua mwenzake. Kumbukumbu hiyo ikipotea, kwa betri kuisha ghafla upande mmoja au kwa programu mbovu, ndoa imevunjika. Ukifungua orodha ya Bluetooth utaona jina lilelile mara mbili, kwa sababu kila mmoja sasa anajitangaza kivyake. Huyo anayejitangaza hana nenosiri. Simu yoyote iliyo karibu ikimgusa, anakwenda. Yule kijana wa jirani aliwahi kuona jina la AirPods, akabonyeza, akasahau.

Nilimweleza shemeji kwa upole. Akaruka: "Haiwezekani! Namba yake niliiingiza kwenye tovuti ya Apple mwenyewe, ikakubali!" Na kweli ilikubali. Watengenezaji wa bandia huchukua namba moja ya AirPods halisi na kuichapa kwenye maelfu ya maboksi. Tovuti inathibitisha kwamba namba hiyo ipo duniani, haithibitishi kwamba kilichomo mkononi mwako ndicho chenye namba hiyo. Nilimwomba siku nyingine akipita dukani alinganishe maboksi mawili yaliyopangwa pamoja. Akarudi mpole. Kisha mke wangu akaziunganisha na aifoni yake, na simu ikatoa onyo kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa hizi ni AirPods halisi. Aifoni zenye iOS 16 na kuendelea hufanya hivyo. Kesi ikafungwa na dada wa mshtakiwa.

Basi tukaingia kwenye matengenezo. AirPods halisi za toleo lililoigwa hapa zina kitufe nyuma ya kasha: unakibonyeza sekunde 15 hivi, taa inamweka, zinajisahau na kuanza upya. Nilikibonyeza hadi kidole kikafa ganzi. Fundi simu wa mtaani kwetu alipolifungua lile kasha, alinionyesha kwamba nyuma ya kitufe hapakuwa na kitu. Ni pambo. Palikuwa, hata hivyo, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, kazi yake ni kuongeza uzito ili mnunuzi akilipima kiganjani alione la maana.

Fundi alijua njia nyingine: futa majina yote mawili kwenye simu, zima Bluetooth, toa vipande vyote viwili kwenye kasha, viguse mara kadhaa kwa pamoja mpaka vitambuane. Mara kadhaa ngapi? Hapo ndipo pa shida. Bandia zenye sura moja hutoka viwanda tofauti zikiwa na chipu tofauti, na kila chipu ina mguso wake: hii mara tano, ile kubonyeza kwa muda mrefu, nyingine lazima zikiwa ndani ya kasha. Boksi halisemi, na karatasi ya maelezo iliyomo ni nakala ya karatasi ya AirPods, inaelekeza kitufe ambacho ni pambo. Tuligusa kila namna. Wa kushoto aliwasha taa, akarudi kwa jirani.

Nikapendekeza tununue kipande kimoja cha kushoto kutoka jozi nyingine iliyokufa. Fundi akacheka. Kikiwa na chipu tofauti hakitambuani na wa kulia hata ukivifunga kamba. Vikiwa na chipu moja, bado programu zinaweza kutofautiana, na hakuna mahali rasmi pa kuipata programu hiyo. Vipi betri? Ili kuifikia lazima apashe moto plastiki iliyogandishwa kwa gundi, aitie wembe, kisha alehemu nyaya nyembamba kuliko uzi kwenye betri ndogo ya lithiamu ambayo wembe ukiitoboa inaweza kuwaka moto. Akimaliza, kipande hakifungi tena vizuri na jasho linaingia. Hata za kweli haziponi kwa njia hii: wataalamu wa iFixit walizipa AirPods sifuri kwa kumi katika urahisi wa kutengenezeka, na Apple yenyewe haifungui, inakubadilishia kipande kwa malipo. Tofauti ni kwamba wa bandia hana wa kumbadilishia.

Kitu kimoja tu fundi alikifaulu. Kipande cha kulia kilikuwa hakiingizi chaji. Akachukua pamba na spiriti, akasugua vile vidoti vya shaba chini ya kipande na ndani ya kasha, uchafu ukatoka, chaji ikaingia. Hakunitoza hata senti.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kununua, usitazame boksi wala namba. Ziunganishe na simu pale pale dukani, ukiweza na aifoni. Vaa vyote viwili, vua kimoja, uone kama muziki unasimama. Ukimsikia yule mama anatangaza, unaweza bado kununua, ili mradi ulipe bei ya eafoni za Sh 28,000 na si bei ya AirPods. Na zikiharibika, ruhusu pamba na spiriti tu. Fundi akishika wembe, chukua eafoni zako uondoke.