Namna ya Kumwangusha Mdogo Wako kwa Heshima

Mitihani ya UACE ikianza Kampala, na watu wanajua uliwahi kung'ara katika hesabu, simu yako haitatulia. Picha itaingia WhatsApp asubuhi: karatasi imelala upande, kivuli cha mkono kimekatiza swali, na chini yake neno moja, "Haraka." Njoo karibu nikuonyeshe namna ya kuwa mtu asiyefaa kitu asubuhi hiyo na bado ukabaki na ndugu zako.

1. Funga sifa kwanza. Najua vidole vinawasha. Ni swali la vekta, umeshaona pa kuanzia, na mtumaji anakujua vizuri, ndiyo maana amekuandikia kwamba kwako hili ni la dakika mbili. Kila mtu hupenda kuambiwa hivyo. Weka kalamu chini. Usimpe hata kidokezo, kwa sababu kwa mtu aliye ndani ya chumba cha mtihani kidokezo ni alama tayari.

2. Isome picha kabla ya kusoma swali. Tafuta namba ya karatasi. Tuseme ni P425/1, hesabu karatasi ya kwanza: muda wa saa 3, sehemu A yenye maswali 8 ya lazima, sehemu B ya kuchagua 5 kati ya 8. Ratiba ya UNEB hutangazwa mapema, basi ifungue. Kama inasema karatasi hiyo ni leo saa 3:00 asubuhi, picha imeingia saa 3:50, na mtumaji anataka namba 9, 12 na 14 peke yake, shaka yako ina msingi. Angalia pia kisichokuwapo. Anayejisomea hutuma na kazi yake, anakuonyesha mstari aliokwamia. Huyu hana mstari hata mmoja. Anataka jibu tu.

Lakini usijifanye mpelelezi. Karatasi ya miaka iliyopita ina namba ileile P425/1. Mwaka huandikwa kwenye jalada, na jalada ndilo ambalo halijatumwa. Kuna shule zinazowapa wanafunzi mazoezi kwa mpangilio uleule wa UNEB. Kuna na matapeli wanaouza karatasi za uongo. Kwa picha moja huwezi kupata hakika, na habari njema ni kwamba huihitaji.

3. Chelewa. Hii ndiyo njia yenyewe. Mtihani ulioanza saa 3:00 unakwisha saa 6:00, ongeza saa moja kwa walioanza kwa kuchelewa. Ukijibu saa 7:00 mchana, anayejisomea hajapoteza kitu. Swali lake litakuwa palepale. Aliye ndani ya chumba, jibu lako halitamfikia tena. Humtuhumu yeyote, na saa inakuamulia.

4. Sema hivyo waziwazi, usijifiche nyuma ya "mtandao unasumbua". Mwandikie: "Mdogo wangu, nimeiona. Inafanana na karatasi ya leo, kwa hiyo siigusi sasa. Saa saba nipigie, tuifanye yote pamoja." Akijibu, "Kaka, ni zoezi tu la nyumbani!" mwambie, "Vizuri, basi linaweza kungoja." Akiendelea kukusukuma kwa dakika, "zimebaki ishirini tu," amekwisha kukujibu mwenyewe.

5. Usiisambaze, hata kwa kuuliza "jamani, hii ni ya leo?" Kundi la watu mia likiipata, wewe ndiye umeipeleka. Iache ilipo pamoja na saa yake ya kuingia, kisha piga simu UNEB uwaeleze. Hapa moyo utasita, maana ni mdogo wako. Fikiri simu ni ya nani. Watahiniwa hawaruhusiwi kuingia na simu, na mara nyingi msaada wa nje hupitia kwa mtu mzima, mwalimu au msimamizi, anayekusanya majibu ili ayasome kwa chumba kizima. Kosa lako moja la ishara ya kutoa litaonekana kwenye karatasi thelathini, mahali palepale, na msahihishaji atalitambua. Kinachofuata ni matokeo kuzuiwa, na wanaoitwa kujieleza ni watoto, pamoja na wale ambao hawakuomba kusomewa chochote. Sheria ya UNEB ya mwaka 2021 nayo haichezi: kwa baadhi ya makosa haya adhabu hufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 40.

6. Saa 7:00 ikifika, shika ahadi. Piga wewe, usingoje kupigiwa. Kama ni mtoto wa kujisomea, anza naye namba 9 na umwache ashike kalamu mwenyewe.