Jinsi ya Kulipandisha Cheo Eneo Lako Bila Kuwaudhi Majirani

Kabla hujaandika kwenye kadi ya harusi kwamba sherehe itafanyika "jijini kwetu", tafuta kwanza barua ya utambulisho, ile ambayo benki au polisi wakikudai unaifuata kwa kiongozi wa eneo lako. Mwongozo huu unaanzia kwenye barua hiyo kwa sababu macho hudanganya. Yakiona ghorofa tatu, kituo cha mafuta na bodaboda waliojipanga kwa mstari, yanasema jiji. Muhuri wa barua husema cheo kamili.

Kwa Tanzania Bara, tazama muhuri ni wa nani. Ukisoma mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kijiji, uko kijijini, hata kama una duka la simu na mtandao wa kasi. Ukisoma mwenyekiti wa mtaa, uko ndani ya mamlaka ya mjini, nayo huwa halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Ukisoma mwenyekiti wa kitongoji, uliza swali moja zaidi: hicho kitongoji kiko chini ya kijiji gani? Jibu likiwa "hakuna kijiji", basi unaishi kwenye mamlaka ya mji mdogo, kile kituo cha njiani ambacho kimeshavuka ukijiji lakini bado kiko chini ya halmashauri ya wilaya. Angalizo: zipo halmashauri za miji, kama Njombe, ambazo ndani yake vimo vijiji vyenye wenyeviti wao. Huko unaweza kuwa mwanakijiji na mkazi wa halmashauri ya mji kwa wakati mmoja, na hakuna kosa.

Ukishajua uko mjini, tofautisha ngazi kwa kumtazama anayeketi kiti cha mbele kwenye baraza la madiwani. Halmashauri ya mji huongozwa na mwenyekiti. Manispaa na jiji huongozwa na meya. Kwa hiyo ukimwita mwenyekiti wa halmashauri ya mji "Mstahiki Meya" umempa furaha ya siku moja, lakini hukuupandisha mji wake.

Sarufi nayo imo kwenye jambo hili, na ndiyo inayowapoteza wengi. Kijiji, mji na jiji ni ndugu wa tumbo moja. Shina ni -ji. Mji ukidogoshwa unakuwa kijiji, kama mto unavyokuwa kijito. Ukikuzwa unakuwa jiji, kama mtu anavyokuwa jitu. Kwa hiyo msikilizaji anaposikia "kijiji" hudhani anaambiwa kitu kidogo, duni, kisichofika. Hapo ndipo watu wanapoanza kukimbilia jina kubwa. Na hata mji wenyewe haukuanza na lami. Jina la Wamijikenda wa pwani ya Kenya linatokana na miji tisa, yaani zile kaya za msituni zenye maboma yao, na hakuna aliyesubiri taa za barabarani ndipo aziite miji.

Nawaomba wenye haraka ya kupanda cheo wasome hapa taratibu, maana hapa ndipo hasara ilipo. Katika sheria, kijiji si udogo. Sheria ya mwaka 1975 ilidai kaya zisizopungua 250 ndipo kijiji kiandikishwe, na vipo vijiji leo vyenye watu wengi kuliko vituo vinavyojiita miji. Kijiji ni chombo chenye mamlaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu ambao kila mtu mzima ana haki ya kuhudhuria una sauti katika ugawaji wake. Mwenyekiti wa mtaa hana madaraka hayo. Anaandika barua, anasuluhisha ugomvi wa mipaka, anaitisha mikutano, lakini hagawi ardhi. Eneo linapopandishwa kuwa mji, kalamu ya ardhi hutoka kwenye mkutano wa chini ya mwembe na kuingia ofisi ya halmashauri, kwa maofisa wa mipango miji na wapima viwanja. Faida zipo: ramani, barabara zilizopangwa, hati. Ila bibi aliyekuwa akinyanyua mkono kuamua shamba la malisho sasa anapanga foleni dirishani. Anayeshangilia cheo ajue anachokibadilisha.

Sasa tujaribu mwongozo huu mahali pagumu kuliko pote: Dar es Salaam. Tuseme unaishi Mwananyamala. Je, uko jijini? Kila mtu atasema ndiyo. Mpaka Februari 2021 palikuwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyokaa juu ya manispaa tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Halmashauri hiyo ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo Mwananyamala, iliyoko Kinondoni, iko kwenye manispaa, na jiji la kisheria liko upande wa pili, Kariakoo, Posta, Gongo la Mboto. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa mzima, na wengi wao hawamo ndani ya mipaka ya Jiji. Ukijaza fomu, andika "Manispaa ya Kinondoni". Ukizungumza, sema jiji bila wasiwasi, kwa kuwa hapo unataja ule mkusanyiko mmoja wa watu, magari na biashara ambao hauonyeshi mpaka popote.

Lakini ukipanda daladala kuelekea Posta, usiseme "naenda jijini". Kondakta atakushangaa. Mkazi wa Mwananyamala, wa Mbagala na wa Kimara wote husema "naenda mjini". Mjini ni kitovu, palipo na ofisi na maduka, na mtu huweza kwenda mjini akiwa tayari ndani ya jiji. "Jijini" waachie waandishi wa habari na waalikaji wa mikutano.

Neno mji lina kazi nyingine ambayo jiji haliwezi kuipokonya. Makao ya serikali huitwa mji mkuu, hata mahali penyewe pakiwa jiji. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ikapewa hadhi ya jiji Aprili 2018. Miaka 45 hiyo haikupungukiwa chochote katika jina lake, na mwaka 2018 haikugeuka "jiji kuu".

Ukivuka kwenda Kenya, badilisha vipimo. Huko kijiji chaweza kukaa katikati ya Nairobi: Kibera imegawanyika katika vijiji kama Kianda, Gatwekera, Lindi, Makina na Silanga, kila kimoja kimejaa nyumba za mabati zilizobanana kuta. Mkazi wa Gatwekera akikuambia "kijijini kwetu", usimwandalie nauli ya basi la usiku. Jiji nalo lina masharti yake ya sheria, na mwaka 2019 idadi ya watu inayotakiwa ilishushwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Nakuru ikawa jiji Desemba 2021, Eldoret ikafuata Agosti 2024.

Basi rudi kwenye kadi yako ya harusi. Andika kijiji, kata na wilaya kama vilivyo kwenye muhuri, kisha taja mti, msikiti, kanisa au mashine ya kusaga iliyo karibu. Mgeni kutoka mbali atafika kwa hiyo mashine.