Mwalimu Akihamia Kizungu

Nilikuwa nauza salfa ya unga Masasi na Newala kabla serikali haijaanza kuwagawia wakulima bure. Mkubwa wetu wa kazi alitupa amri moja: lugha anayoshika mteja, nawe ishike hiyo hiyo. Yeye alikaa Dar es Salaam, mbali na mikorosho na mbali zaidi na wake wa walimu wastaafu.

Masasi mjini amri ilikwama mapema. Mwenzangu alimsikia kijana wa duka la pembejeo akisema "stoki", "oda" na "diskaunti" ndani ya sentensi moja, akamjibu kwa Kiingereza kitupu, dakika nzima. Kijana akamtazama: "Kaka, umekuwa mzungu lini?" Maneno yale matatu ni ya dukani tu, kila mwenye duka anayo. Mteja amehama lugha pale sentensi nzima inapohama, tena akakaa huko hadi ya pili. Kabla ya hapo tulia kwenye Kiswahili chako.

Newala nilimkuta Mwalimu, mzee wa heshima. Shikamoo yangu ikapokelewa kwa Kiswahili, habari za mvua na za maji ya bomba vilevile. Tulipogusa ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya korosho, akahamia Kizungu cha darasani, sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamfuata. Akasema ana mikorosho 300. Robo kilo kwa mti ni kilo 75, yaani mifuko 3 ya kilo 25 kwa mpulizo mmoja. Tukakubaliana kama mabalozi.

Mama alikuwa pembeni akichambua kunde, na uso wake ulishafungwa. Akamsemesha mumewe kwa Kimakonde, maneno machache, na Mwalimu akarudi kwenye Kiswahili ghafla: "Tutafikiria." Muuzaji yeyote wa huku anajua hiyo ni kwaheri.

Basi nikamshukuru Mwalimu kwa sentensi moja ya Kizungu, heshima yake isipungue, kisha nikamgeukia mama na kurudia hesabu yote kwa Kiswahili, polepole, miti kwanza.

"Mia tatu ya nani?" akauliza. "Themanini tuliwagawia watoto mwaka juzi."

Ikabaki 220, kilo 55. Mama akaamua: mifuko miwili, na zile kilo tano ataazima kwa shemeji yake. Pesa akazitoa kwenye fundo la kanga, maana mauzo ya mnada uliopita aliyatunza yeye.

Mwalimu akanisindikiza. Mlangoni akanong'ona kwa Kizungu safi: je, mfuko wa tatu hauwezi kuja kwa mkopo, akalipa baada ya mnada wa Oktoba? Sijafungua mdomo, sauti ikatoka uani:

"Mwanangu, usimpe! Akianza Kizungu mlangoni, anakopa!"