Kihamba Chake, Kipaza Sauti Changu

Kwetu Marangu desturi haina utata: kihamba cha nyumbani anarithi kitinda mimba wa kiume. Kitinda mimba wetu ana miaka 31, hajui kupunguza machipukizi ya mgomba, na akishika panga sote tunarudi nyuma hatua tatu. Lakini kihamba ni chake. Mimi kifungua mimba, mwenye miaka 49 na presha, nimeachiwa kipaza sauti.

Ukoo wetu hukutana kila tarehe 27 Desemba, na mwaka huu zamu ya kupokea wageni ilikuwa yetu. Baba alikohoa mara mbili, akatazama dari, akasema, "Mkubwa atawakaribisha wageni na kuwashukuru waliotoka mbali. Maneno mafupi tu." Nikamwuliza kwa nini asiseme kitinda mimba, mwenye nyumba mtarajiwa. Mama akajibu kwa niaba ya serikali, "Yule ana aibu." Aibu hiyo sikuiona jana yake usiku alipokuwa anacheza muziki juu ya kreti la soda.

Maneno mafupi kwa watu 120 hayapo. Nilishinda siku tatu na daftari la kurasa 96, na kila nikiandika jina Mama analisogeza. Shangazi mkubwa hawezi kutajwa baada ya shangazi mdogo. Wajomba hawawezi kutajwa baada ya mashemeji, maana wajomba ndio walimtoa mama yako. Baba mkubwa anatajwa kabla ya wote, ila mchungaji akiwepo anatajwa kabla yake, na baba mkubwa atakuwa ameketi hapo anasikiliza kama kweli utathubutu.

Nikakumbuka maneno yanayowaokoa wakuu wa wilaya nchi nzima. Nikasimama chini ya turubai, nikasafisha koo, nikasema, "Wazee wetu, ndugu zetu, itifaki imezingatiwa."

"Imezingatiwa na nani?" Alikuwa shangazi mkubwa, mstari wa mbele, mkongojo mkononi. "Mimi sijasikia jina langu."

Basi nikarudi mwanzo, nikawataja wakubwa wote mmoja mmoja. Dakika kumi na moja. Mchungaji alishaanza kuangalia upande wa sufuria.

Nilipofika kwenye shukrani nikajiona mjanja. Niliamua kufuata kilomita: aliyetoka mbali zaidi ashukuriwe kwanza, kisha nishuke taratibu. Kilomita hazina upendeleo, nikadhani, wala hazina shangazi. Nikaanza na binamu yangu wa Maskati. Watu wakapiga makofi, vigelegele vikalia, naye akasimama akapunga mkono akiwa na raba nyeupe ambazo bado zilikuwa nyeupe. Alishuka kwenye ndege pale KIA, gari la kukodi likamfikisha hadi kwenye ua wa nyumba. Uchovu pekee aliokuwa nao ulikuwa wa kuchagua filamu.

Wakafuata wa Mwanza, kisha nikageukia kundi kubwa la Dar es Salaam, kilomita kama 550. Hapa nilikuwa na sentensi yangu nzuri, niliyoirithi kwenye hotuba za miaka iliyopita: "Tunajua mliamka usiku wa manane kuwahi basi la alfajiri." Kimya. Kaka mmoja akasema, "Dada, hatukuamka. Hatukulala." Kumbe! Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kukimbia usiku, na nusu ya wale watu walikuwa wametoka Dar jioni, wakapita Korogwe na Same gizani, shingo zimepinda. Hotuba yangu bado ilikuwa inasafiri kwa ratiba ya zamani. Ukitaka kumshukuru msafiri wa Desemba, mwulize kwanza alipanda nini na saa ngapi, vinginevyo unamshukuru mtu mwingine.

Baba mdogo naye akanyoosha kidole. Yeye hakuja kwa basi, alikuja kwa treni. Tangu treni ya abiria irudi Moshi Desemba 2019 hajapanda kitu kingine, na anataka kila mtu ajue. Nikamshukuru peke yake. Akaomba niongeze kwamba alikaa daraja la tatu. Nikaongeza.

Wakati huo Baba alishanivuta mkono wa gauni mara mbili, na harufu ya machalari ilikuwa imetusimamia kichwani. Daftari lilikuwa limebaki na kurasa mbili. Nikafanya kosa ambalo nitaelezwa hadi siku ya kuzikwa. Nilisema, "Na ninyi wengine wote wa hapa karibu, karibuni sana, tule."

"Hapa karibu" ni maneno mawili. Yaliangukia watu wawili.

Wa kwanza ni shangazi mdogo, anayeishi Tarakea. Kwenye ramani Tarakea na Marangu ni wilaya jirani, na kwa kipimo changu cha kilomita alikuwa mwisho kabisa. Ila shangazi ana miaka 74 na goti moja linalofanya kazi. Alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Alipanda Noa iliyobeba watu kumi na wawili na jogoo, jogoo huyo akiwa zawadi yetu. Alishuka Marangu Mtoni kukiwa na manyunyu, bodaboda wakakataa kupanda mlima kwa sababu ya tope, akapanda kwa miguu, jogoo kwapani. Aliingia saa tano. Hakusema neno, ila alivua kiatu kimoja, akakigonga kwenye mguu wa kiti cha mchungaji, na kipande cha udongo cha ukubwa wa andazi kikaanguka chini mbele ya watu wote. Kisha akasema kwa upole, "Kweli mwanangu, ni hapa karibu."

Binamu wa Maskati akazificha raba zake chini ya kiti.

Wa pili ni mama mdogo, mke wa huyo wa treni. Yeye hakusafiri kabisa, kihamba chake kinapakana na chetu. Tangu jana yake alikuwa jikoni na wake wenzake wa ukoo, wakimenya mikungu ya mshare kwa ajili ya mtori, vidole vyeusi kwa utomvu ambao hata mafuta ya taa hayautoi upesi. Mumewe alishukuriwa kwa kukaa daraja la tatu. Yeye aliyekaa kwenye kigoda tangu jana alipewa "wengine wote". Shangazi alisema, yakaisha, akala, akaomba kata ya pili ya mbege. Mama mdogo hakusema kitu. Alijitanda kanga yake upya, akaondoka kabla ya kisusio.

Mama akaniita pembeni. "Umemwona?" Nimemwona. "Basi unajua la kufanya."

Nilijua. Jioni nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikalishika kwa mikono miwili kama mtoto wa shule, nikapita katikati ya migomba hadi kwake. Isale haikataliwi, hata na mtu aliyemenya mikungu saba. Nilimkuta uani, kigoda kilekile, mbele yake mkungu mwingine, maana wageni wa Dar walikuwa wanalala na kesho lazima wanywe mtori kabla ya basi.

Nikapiga magoti, nikatoa jani, nikaanza, "Mama mdogo, kwanza kabisa napenda kushukuru…"

"Usinihutubie," akasema. Akalipokea jani, akalichomeka kwenye ukuta wa jiko, kisha akanisogezea kigoda cha pili na kisu.