Namna ya Kupatana na Dizeli Inayozira

Kwanza bandua ile plasta uliyoiweka juu ya taa ya injini. Taa ni shahidi wako wa kwanza, na shahidi hafungwi mdomo.

Tuseme ni pikapu ya dizeli. Ukiondoka kwenye makutano unakanyaga mafuta, inazira, inatapika moshi mweusi, kisha ghafla inachangamka. Mashine ya kupimia imetoa P0402, maana yake moshi unaorudishwa ndani ya injini umezidi. Usikimbilie kununua nozeli.

Valvu ya EGR hurudisha sehemu ya moshi wa egzozi kwenye njia ya hewa, ili joto la mwako lishuke na oksidi za naitrojeni zipungue. Ukikanyaga kwa nguvu inapaswa kufunga, kwani hapo injini inataka oksijeni. Lakini masizi yakichanganyika na mvuke wa oili huganda kama lami, hasa kwa gari la foleni na safari fupi. Valvu ikikwamia wazi, injini inavuta moshi badala ya hewa.

Kama valvu yako inafunguliwa kwa vakyumu, chomoa mpira wake mwembamba, uzibe mdomo wa mpira huo, kisha jaribu gari. Likiondoka vizuri, valvu inafunga. Chunguza solenoidi inayoipelekea vakyumu. Likizidi kuzira, subiri injini ipoe uifungue valvu. Mimina kisafishio kidogo juu ya kiti chake: kikipenya upande wa pili, haizibi.

Kusafisha kunahitaji subira kuliko nguvu. Pulizia kisafishio cha kabureta, acha masizi yalainike, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Bisibisi iache kwenye boksi la zana, maana mkwaruzo mmoja kwenye kiti utaivujisha valvu milele. Yenye mota ya umeme usiizamishe. Safisha upande wa moshi tu. Mdomo wa manifoldi uzibe kwa kitambaa safi ili bonge la masizi lisiingie injini. Ukimaliza, vuta vakyumu kwa pampu ya mkono: shina lipande, na ukiachia lirudi mpaka chini. Lisiporudi, nunua valvu nyingine. Funga kwa gasketi mpya, futa msimbo wa hitilafu, ulijaribu gari mlimani.

Atatokea mtu wa kukushauri uzibe njia yote kwa kibati. Mkatalie. Kwenye magari mengi taa itarudi na P0401, safari hii kwa sababu moshi haurudi kabisa, na oksidi zile zitavutwa na watu waliosimama kituoni.

Ikizira hata baada ya usafi, kagua mipira ya hewa ya turbo kama imepasuka, na kihisi cha hewa kama kimechafuka. Masizi yakijaa tena upesi, hapo ndipo nozeli zipimwe, na turbo ikaguliwe kama inavujisha oili.