Wazaliwa wa Bonane

Fomu za Leta, kama dola inavyoitwa mjini Kindu na kote mashariki mwa Kongo, hutofautiana kwa rangi, kwa bei na kwa idadi ya mihuri inayodaiwa, lakini zinakubaliana katika jambo moja: karibu na mstari wa jina kuna visanduku vinane vidogo, viwili vya siku, viwili vya mwezi na vinne vya mwaka, na hakuna hata kimoja kilichoachwa kwa ajili ya neno "labda". Anayeijua tarehe yake huvipita bila kuviona. Asiyeijua, na watu wa namna hiyo Maniema si haba, hugundua kwamba amefika ofisini akiwa na jina, wazazi, kijiji, picha na nakala ya kila karatasi aliyowahi kupewa maishani, ila amekosa kuzaliwa.

Ukosefu huo una historia yake ya kisheria. Kanuni ya Familia, yaani sheria ya 1987 inayosimamia ndoa, urithi na uandikishaji wa watu, na ambayo ilirekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto bila kupitia mahakamani. Siku ya 91 ikifika, mtoto ambaye hadi jana alikuwa suala la karani huwa suala la hakimu, na familia hutafuta hukumu ya kuziba pengo, ambayo karani huinakili katika daftari lake kana kwamba mtoto amezaliwa upya kwa amri ya mahakama. Mtu mzima asiye na cheti hupitia njia nyingine, ile ya cheti cha ujulikanaji, ambacho ni maandishi yanayotokana na kauli za mashahidi wanaosema kwamba wanamfahamu mtu huyo, wanajua ametoka kwa nani, na wanakumbuka takriban alizaliwa lini. Uzito wote uko katika "takriban" hiyo, kwa kuwa mashahidi huitoa kwa moyo mkunjufu na visanduku vinane huikataa.

Hapa inafaa kutenga mambo mawili ambayo makarani huyachanganya kila siku. Kutojua tarehe si kutojua wakati. Mama wa Kindu aliyejifungulia nyumbani miaka ya sitini huenda hakuwa na kalenda ukutani, lakini alikuwa na kalenda ya aina ambayo wataalamu wa takwimu za watu huiita kalenda ya matukio, yaani orodha ya mambo makubwa yaliyoupata mji, ambayo msaili huitumia kupima umri wa mtu kwa kumuuliza nini kilitangulia na nini kilifuata. Kwa kalenda za namna hiyo Kindu ni tajiri kupita kiasi, na pengine ingependelea kuwa fukara. Upo uhuru wa Juni 1960. Lipo tukio la Novemba 1961, marubani na askari wa anga 13 wa Italia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walipouawa mjini humo. Waliingia waasi wa Simba mwaka 1964. Nchi iligeuka Zaire mwaka 1971. Maniema ilitengwa na Kivu ikawa jimbo mwaka 1988. Na vita viliufikia mji mwaka 1997, kisha tena mwaka uliofuata. Mtu aliyeishi katikati ya hayo yote hahitaji kuambiwa mwaka gani alizaa. Anahitaji tu kuulizwa vizuri.

Mazungumzo katika ofisi ya komini, ambayo ni ngazi ya utawala chini ya mji, kwa kawaida huenda hivi. Chukuliwe mama aliyevuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli, komini iliyo ng'ambo, akaja upande wa Kasuku pamoja na mwanawe mwenye mvi anayetaka karatasi.

"Mama, huyu mtoto alizaliwa lini?"

"Wakati wa Mulele, mwanangu."

"Mwaka gani?"

"Mwaka huo huo wa Mulele. Simba walikuwa wameshaingia mjini. Kiangazi kilikuwa kimekwisha, mvua zimerudi, tena mamluki walikuwa bado hawajafika. Walipofika alikuwa mgongoni, nilikimbia naye porini."

"Siku, mama. Nahitaji siku."

"Ilikuwa usiku."

Karani akihema kwa nguvu, ni kwa sababu haoni kwamba amepewa tarehe nzuri kuliko nyingi zilizomo katika daftari lake. Wakati wa Mulele ni jina ambalo watu wa mashariki wameupa uasi wa 1964, ingawa Pierre Mulele mwenyewe alikuwa akipigana Kwilu, upande wa pili wa nchi. Simba waliingia Kindu mnamo Julai mwaka huo, na jeshi la serikali likiongozana na mamluki liliutwaa mji mapema Novemba. Kiangazi cha Kindu, mji ulio kusini kidogo ya ikweta, huanza yapata Juni na kumalizika kuelekea Septemba. Kwa hiyo mwenye mvi aliyesimama mbele ya meza alizaliwa baina ya Septemba na siku za kwanza za Novemba 1964, katika kipindi cha siku zipatazo 65, na mtu ambaye angeandika tarehe ya katikati, tuseme mwanzoni mwa Oktoba, asingeweza kukosea kwa zaidi ya mwezi mmoja na siku chache.

Karani haandiki Oktoba. Anaandika 01/01/1964.

Sababu yake si uvivu mtupu. Zamani, fomu zilipojazwa kwa kalamu, karani aliweza kuandika neno moja la Kifaransa lenye maana ya "yapata", kisha mwaka, na kazi ikaisha kwa amani. Vitambulisho vya wazee wengi vilibeba neno hilo na hakuna aliyefukuzwa duniani kwa ajili yake. Kompyuta ilipoingia, kisanduku kitupu kikageuka kosa, fomu ikakataa kusonga mbele, na mkono ukatafuta namba ambayo mashine itaimeza bila maswali. Siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza ipo katika kila mwaka, haina utata wa Februari, na mtu hulazimika kukumbuka tarakimu mbili tu. Ndivyo Bonane, ambalo ndilo jina la sikukuu ya mwaka mpya katika Kongo, ilivyopata wana wengi kuliko ukoo wowote wa Maniema. Faida yao haikosekani: wao peke yao hupigiwa ngoma na nchi nzima kila wanapoongeza mwaka, na soda ya kuwapongeza huwa imeshanunuliwa kwa sababu nyingine.

Ila tarehe hiyo, tofauti na "yapata", haina hata uwezekano wa kuwa kweli. Mnamo Januari 1964 Simba walikuwa bado hawajaingia Kindu, na mama aliyekuwa akitoa ushahidi alikuwa ndio kwanza anapata ujauzito, au hajaupata bado. Kosa la tarehe hiyo haliwezi kuwa chini ya miezi minane na linaweza kupita kumi kidogo. Karani aliyeogopa kuandika jambo lisilo na uhakika ameandika jambo ambalo uhakika wake pekee ni kwamba si kweli, kisha akaligongea muhuri.

Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria yenyewe haikuwahi kuwa na kiburi hicho. Kanuni ya kiraia ya Wafaransa ya mwaka 1804, ambayo Wabelgiji waliirithi na ambayo kivuli chake kiko bado juu ya ofisi za Kongo, ilitaka mashahidi saba kwa cheti cha ujulikanaji, na kwa mashahidi hao wote saba iliomba tu kipindi cha kuzaliwa, kadiri kinavyoweza kujulikana. Hata kanuni za pasipoti za leo ni nyenyekevu. Waraka namba 9303 wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, unaoeleza jinsi pasipoti inavyosomwa na mashine, unaruhusu siku na mwezi visivyojulikana viandikwe kwa herufi X katika sehemu inayosomwa na macho. Na katika ile mistari ya chini yenye alama za ajabu, tarakimu zinazokosekana huzibwa kwa alama ya kujazia, hivi:

```
64<<<<4
```

Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, alama nne ni mwezi na siku ambavyo hakuna anayevijua, na 4 ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi. Hiyo hupatikana kwa kuzidisha kila nafasi kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, kujumlisha, na kuchukua tarakimu ya mwisho ya jumla, huku alama ya kujazia ikihesabiwa kuwa sifuri: 6 mara 7 ni 42, 4 mara 3 ni 12, jumla 54, inabaki 4. Mashine ya uwanja wa ndege, kwa maneno mengine, inaweza kuambiwa "hatujui" na ikahesabu sawasawa. Fomu ya ofisini haiwezi.

Matatizo huanza karatasi zinapokutana. Mdogo wa mtu huyo, ambaye mama anakumbuka vizuri kwamba alimzaa mwishoni mwa 1965, mwenye cheti cha ubatizo kilichoandikwa na padri makini, hana shida. Lakini karani mwingine akimpa kaka mwingine "01/07" kwa sababu anapenda katikati ya mwaka, hutokea ndugu wa tumbo moja waliopishana kwa miezi sita, na ofisi iliyozua muujiza huo ndiyo ya kwanza kuutilia shaka. Wanaohamia mbali hawasalimiki. Nchini Uswidi, ambako wakimbizi wengi wa Afrika Mashariki huandikishwa, namba ya mtu hujengwa kwa tarehe yake ya kuzaliwa na tarakimu nne, tatu kati yake zikiwa za mfululizo, witiri kwa wanaume na shufwa kwa wanawake, hivyo siku moja inatosha wanaume kama 500 tu. Wageni waliopewa Januari mosi walikuwa wengi kiasi kwamba namba za miaka fulani ziliisha, ikabidi wengine wasogezwe kwenye siku za jirani.

Yule mwenye mvi wa Alunguli hakwenda mbali hivyo. Akiwa ni mtumishi wa umma, sheria inayomhusu, ya mwaka 2016, inaweka umri wa kustaafu kuwa miaka 65, na jalada lake linasema ataufikia asubuhi ya Bonane ya 2029, ilhali mama yake anashikilia kwamba ni baada ya mvua kurudi. Kati ya kauli hizo mbili kuna mishahara isiyopungua minane. Anaweza kwenda mahakamani kuomba marekebisho, na hapo ataulizwa swali la haki kabisa, kwamba kama tarehe ya kwanza si sahihi, basi sahihi ni ipi, na jibu litatakiwa kwa siku, mwezi na mwaka.